TAHADHARI: unga wa "kuongeza kinga" unaozunguka kwenye magrupu ya Arusha na Moshi

Jamani watu wa Arusha na Moshi, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Saivi baridi imeingia, kila nyumba kuna mtu anakohoa, na kwenye magrupu ya watsap kuna tangazo la unga wa kopo, elfu 45, eti unapandisha kinga na kumaliza mafua makali ndani ya siku 5, unalipa kwanza kwa simu alafu boda anakuletea. Jirani yangu hapa Sakina, mama mtu mzima mwenye sukari, alinunua.

Naanza na hizo siku 5 maana mtego uko hapo. Mafua makali, ile influenza, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine homa inakaa siku 3 au 4 hivi inashuka yenyewe, ndani ya wiki anasimama, kinachobaki ni kikohozi na uchovu ambavyo vinaweza kufika wiki 2 au zaidi. Sasa piga hesabu, siku ya kwanza mtu anavumilia, ya pili anaagiza, ya tatu kopo linafika, akimaliza siku 5 za kunywa unga yuko siku ya saba ya ugonjwa, hapo wengi wangekuwa wameshapata nafuu hata kwa maji ya moto tu. Anaandika ushuhuda kwa moyo mweupe, hadanganyi, amepona kweli, ila hakuponywa na unga. Kwahiyo shuhuda hata ziwe mia hazithibitishi kitu.

Alafu linganisha na dawa halisi. Ipo ya virusi vya influenza inaitwa oseltamivir, inaandikwa na daktari, inafanya kazi vizuri ukiianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na kwa mtu mwenye afya yake inafupisha ugonjwa kwa siku moja hivi. Siku moja tu! Mtu akikuahidi masaa 24 umepona, tena na kisukari, presha na vidonda vya tumbo vyote kwa kopo hilohilo, huyo mkimbie.

Kilichonitisha zaidi ni yaliyomkuta jirani. Siku ya pili tu homa imeshuka, mwili hauumi, anakula vizuri mpaka watu wa nyumbani wakafurahi, ila usingizi hapati na kiu haiishi. Kupimwa sukari imepanda juu sana, daktari akauliza unatumia nini kingine, akaona kopo, akamwambia acha hapohapo. Kopo halikupelekwa maabara, lakini mjue hiki kitu, mamlaka za dawa nchi mbalimbali zimeshakamata "dawa za asili" zilizochanganywa kimyakimya na deksamethasoni au prednisoloni. Hizo ni dawa za hospitali, zinashusha homa na maumivu haraka, zinaleta hamu ya kula, zinapandisha sukari, na zinapunguza nguvu ya kinga, kwahiyo ulichonunua kupandisha kinga kinaweza kuwa kinaishusha. Sasa nafuu ya ghafla kutoka kwenye unga usioandikwa kuna nini ndani na kiasi gani ni dalili mbaya. Na kama mtu amenywa wiki kadhaa mfululizo asikatishe mwenyewe, aende hospitali na kopo lake, maana hizo dawa ukiziacha ghafla baada ya muda mrefu mwili unaweza kuzidiwa.

Unga mwingine unaweza kuwa umechanganywa na parasetamol, na wewe nyumbani unameza zako. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yani vidonge 8 vya miligramu 500, ukizidisha bila kujua ini linaumia.

Cheti je? Kwenye lile tangazo kuna picha ya cheti ili uamini, mimi nikaikuza nikasoma, ni usajili wa jina la biashara BRELA. Hicho kinasema ana biashara, hakisemi unga unatibu. Dawa za hospitali zinasajiliwa na TMDA, za asili zinapitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize muuzaji namba ya usajili wa bidhaa yenyewe, sio ya duka. Huyu wetu alipoulizwa kwenye grupu alijibu "ni asili haina madhara", alafu akamtoa aliyeuliza.

Msisubiri boda wa kopo kama mtoto anapumua harakaharaka au mbavu zinabonyea ndani, kama hanyonyi, kama mtu mzima anabanwa kifua, au homa iliyokuwa imeisha ikarudi na kikohozi kizito, hiyo inaweza kuwa nimonia. Wajawazito, wazee na wenye sukari au pumu waende mapema hata kabla ya kufika huko.

Waliokwisha nunua msitupe kopo. Piga skrinshoti ya tangazo, namba na meseji ya malipo, peleka vyote ofisi ya TMDA kanda ya kaskazini hapa Arusha.