Uzoefu wangu na FONTMAP: mchoro wa kalvati uliofika Kisumu bila fonti zake

Kazi yangu ni kuchora kwa AutoCAD katika ofisi ndogo ya wahandisi hapa Kisumu, na michoro mingi tunayoshughulikia ni ya barabara na kalvati za upande wa Ahero na uwanda wa Kano, kule ambako mto Nyando ukijaa hausubiri mtu. Sitaisifu wala kuiponda programu nzima hapa. Nazungumzia kipande kimoja kidogo ndani yake, faili ya kubadilisha fonti inayoongozwa na mpangilio uitwao `FONTMAP`. Nimeitumia kwa kazi ya kweli, nimeona inapofaa na nimeona inapokomea.

Kazi yenyewe ilikuwa mchoro wa vyuma vya kalvati ya sanduku. Mkandarasi alileta faili ya DWG iliyochorwa Uchina, yenye maelezo ya Kichina na Kiingereza pamoja. Kila ulipofunguliwa, dirisha la `Missing SHX Files` lilitangulia na chaguo mbili: kutaja fonti mbadala kwa kila iliyokosekana, au kupuuza na kuendelea.

Chanzo chake si kigumu. Fonti za SHX ni fonti za maumbo: kila herufi imeandikwa kama mistari na mikunjo ya kuchorwa kwa kalamu, na maumbo hayo hukaa katika faili yake nje ya mchoro. DWG haibebi fonti tumboni. Hubeba jina tu, lililowekwa ndani ya mtindo wa maandishi. Kompyuta ya Uchina ilikuwa na `tssdeng.shx` na `hztxt.shx`; yangu haikuwa nazo.

Ukipuuza, AutoCAD hutumia fonti ya akiba iliyotajwa kwenye `FONTALT`, ambayo kwa kawaida ni `simplex.shx`. Maneno ya Kiingereza na tarakimu huonekana vizuri tu, na hapo ndipo wengi hudhani mambo yamekwisha. Lakini Kichina chote kiligeuka alama za kuuliza, mstari baada ya mstari. Ukiamua kutaja fonti mbadala kwenye dirisha, itakubidi ujibu maswali yale yale tena siku nyingine ukifungua mchoro huo, na tena kwa kila mchoro mwingine wa kundi hilo. Ofisi yenye folda nzima ya michoro ya namna hii haiwezi kuishi hivyo.

Faili ya `FONTMAP` huondoa usumbufu huo. Kwanza nilihitaji majina kamili ya fonti zilizokosekana. Sikuyanakili kutoka kwenye dirisha la onyo kwa haraka. Nilifungua mchoro, nikabonyeza F2, nikasoma historia ya amri. AutoCAD huandika pale kila badiliko ililofanya, kwa mfano `Substituting [simplex.shx] for [tssdeng.shx].` Kisha nikaandika `FONTMAP` kwenye mstari wa amri ili nijue faili inayotumika. Mara nyingi ni `acad.fmp`. Asiyependa kuandika amri ataipata kwenye `OPTIONS`, kichupo cha `Files`, chini ya `Text Editor, Dictionary, and Font File Names`.

Hiyo `acad.fmp` ni maandishi matupu, hufunguka kwa Notepad. Ndani yake utakuta mistari iliyokuja na programu. Kushoto kuna jina la fonti inayotafutwa, halafu nukta mkato, halafu jina kamili la fonti utakayoitumia badala yake. Nilihifadhi nakala ya faili ya awali, nikaongeza mistari miwili:

```
tssdeng;gbenor.shx
hztxt;gbcbig.shx
```

Nikahifadhi, nikafunga AutoCAD na kuiwasha upya. Onyo halikurudi. Kichina kikasomeka, kwa kuwa `gbcbig.shx` na `gbenor.shx` huja na AutoCAD yenyewe. Hakukuwa na haja ya kuzitafuta kwenye tovuti za mitaani zinazogawa fonti bila kusema zimetoka wapi. Tahadhari moja kwa anayetumia Notepad: hakikisha haijakuongezea `.txt` mwishoni. `acad.fmp.txt` ni faili ambayo AutoCAD haitaisoma, na hutaambiwa chochote.

Uchaguzi wa fonti mbadala ndio unaohitaji akili. Mtindo mmoja wa maandishi unaweza kubeba fonti mbili: ya kawaida kwa herufi za Kilatini na tarakimu, na nyingine inayoitwa `Big Font` kwa lugha zenye herufi maelfu. `tssdeng` ni ya kawaida, `hztxt` ni kubwa. Ya kawaida ibadilishwe na ya kawaida, kubwa na kubwa. Ukiipeleka `hztxt` kwa `simplex.shx`, onyo litaondoka lakini alama za kuuliza zitabaki, kwa kuwa `simplex` haina herufi hata moja ya Kichina. Pia si kila fonti kubwa itafaa. Katika orodha utaona `chineset.shx`, jina linalovutia kweli, lakini hiyo ni ya Kichina cha jadi, chenye mpangilio mwingine wa misimbo. Mchoro wa Uchina bara utakupa herufi halisi zisizo na maana yoyote, na asiyejua Kichina hawezi kuona kosa. Kwa hiyo nilimwonyesha mhandisi wa mkandarasi anayesoma Kichina ukurasa mmoja kabla ya kuamini chochote.

Hadi hapo ningeipa sifa zote. Tatizo lilijitokeza kwenye vyuma.

Tulichapisha karatasi, ikaenda saiti. Fundi wa vyuma akapiga simu: "Omera, hapa mmeandika kumi na mbili kwa mia na hamsini. Kumi na mbili ya chuma gani?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye karatasi paliandikwa `12@150`, na mbele ya 12 palikuwa patupu.

Nilibonyeza maandishi yale mara mbili ili yafunguke kwa kuhaririwa, na ndani yakasomeka `%%13212@150`. Hayo `%%132` ni agizo la kuchora herufi namba 132 ya fonti. Kwenye `tssdeng` nafasi hiyo ina alama ya chuma cha daraja la tatu la Kichina, HRB400. `%%130` na `%%131` ni alama za daraja la kwanza na la pili. Fonti ya `gbenor` haina alama hizo. Kubadilisha fonti hubadilisha maumbo ya herufi ambazo pande zote mbili zinazo. Alama aliyoibuni mwenye fonti peke yake haiwezi kuzuliwa na fonti nyingine. Kibaya ni kwamba hakuna onyo. Mstari hufupika kidogo tu, na jicho hupita.

Kijana mmoja wa ofisini alipendekeza tuondoe `%%132` tuweke H, kama tulivyozoea kuandika H12. Nilikataa. Katika BS 8666, kiwango cha Uingereza cha vyuma vya zege, H ni chuma cha daraja la 500, wakati HRB400, kama jina lake linavyosema, ni cha megapaskali 400. Tungekuwa tumeandika chuma chenye nguvu ambayo mhandisi hakuitaja, kwa ajili ya fonti tu. Kama daraja linabadilishwa, abadilishe mhandisi aliyepiga hesabu, aweke sahihi yake.

Kwa hiyo sasa nikishabadilisha fonti yoyote, natafuta `%%` zinazofuatwa na tarakimu kwenye maandishi ya vyuma na kuzilinganisha na PDF ya mchoraji wa awali. Zile za kawaida, `%%c` ya kipenyo, `%%d` ya digrii na `%%p` ya kujumlisha na kutoa, hazijanisumbua.

Jambo jingine ni upana. Fonti mbili haziandiki neno moja kwa urefu ule ule, hivyo kwenye jedwali la vyuma maneno kadhaa yalivuka mstari wa safu. Kishawishi ni kupunguza `Width Factor` ya mtindo ili yaingie. Usifanye hivyo kwenye faili ya mtu mwingine. Kazi ya `FONTMAP` hubaki kwenye kompyuta yako na haigusi mchoro, lakini `Width Factor` huandikwa ndani ya DWG. Mwenye fonti halisi akiifungua ataona maneno yamebanwa bila sababu. Na kwa kuwa mchoro haujaguswa, mwenzako wa Nakuru ukimtumia DWG hiyo ataliona onyo lile lile, mpaka naye awe na mistari ile kwenye `acad.fmp` yake. Tukituma nje tunatuma PDF pamoja.

Kuna SHX nyingine ambazo hii haizifai kabisa: zile za mistari yenye maumbo, kama ua au reli. Hizo si fonti za maandishi. Ukimpa AutoCAD fonti badala ya faili ya maumbo atakujibu wazi, `txt.shx is a normal text font file, not a shape file.` Hapo omba faili halisi, basi.

Hata kwa vyuma vyetu mwisho wake ulikuwa kuomba faili halisi. Tulimwomba mkandarasi atume upya kwa `ETRANSMIT`, akiwa ameweka alama kwenye `Include fonts` katika mipangilio ya kutuma. Faili ya zip ilikuja na `tssdeng.shx` ndani, nikaiweka kwenye folda moja na mchoro, mahali ambapo AutoCAD huangalia. Lakini kuipata fonti hakutoshi. `FONTMAP` husomwa kabla ya fonti iliyotajwa na mtindo, kwa hiyo mstari wa `tssdeng;gbenor.shx` ukiendelea kuwepo, AutoCAD itaendelea kuchora kwa `gbenor` hata kama fonti halisi iko pale pale. Niliufuta mstari huo, nikawasha programu upya, na alama za daraja zikajitokeza mbele ya kila kipimo cha chuma. Mstari wa `hztxt` nimeuacha, kwa kuwa yule mhandisi amesoma maelezo yote kwa `gbcbig` na hakukuta neno lililopotea.

Kwa michoro ya maandishi matupu, `FONTMAP` naipa nyota tano. Kwa michoro ya vyuma naipa tatu, na PDF ya mchoraji iwe wazi pembeni.