"Bidhaa hairudishwi" au maneno yanayoeleweka?

Risiti ya friji, duka la Nairobi, toleo la kwanza: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Waranti mwaka 1, masharti kuzingatiwa." Mteja ambaye friji yake haigandishi siku ya 3 ataamini hana haki, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa.

Toleo la pili: "Friji ikiwa na hitilafu ndani ya siku 14, ilete na risiti, chagua nyingine au urudishiwe pesa. Kisha, hadi mwaka 1, tunatengeneza bure, vipuri na usafiri juu yetu."

Nachagua la pili, hasa kwa neno "chagua": linaonyesha nani anaamua. Ila "hitilafu" ni neno pana mno. Ningeandika "haigandishi, inavuja au haiwaki".