Chai ya Tumbo Flati: Nimeiweka Kwenye Mizani

Haya wapenzi, boksi lenyewe hili hapa, mmeliulizia wiki nzima. Kariakoo nimelipata kwa shilingi 15,000. Ya mbele mnayajua, "tumbo flati siku saba", tuyapite. Geuza nyuma. Sogeza kamera, herufi ni ndogo mno: Senna alexandrina. Jamani, hii ni sanamaki! Ile ile ya bibi zetu, ya mtu aliyefunga choo. Kwa nini mbele hawakuandika?

Sasa angalieni mizani. Juzi usiku nilikuwa kilo 78.4, nikanywa kikombe kimoja. Alfajiri tumbo likanisokota, nikaenda chooni mara nne. Nikapima: 77.2. Ukiishia hapo utapiga picha uwatumie mashoga zako. Mimi nikanywa maji, nikala kawaida, jioni 78.3. Tazama, chupa hii ya lita moja naiweka juu ya mizani... kilo moja. Karibu ndicho nilichopoteza, maji na choo. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, saa sita hadi kumi na mbili baada ya kunywa. Mafuta ya chipsi yameshafyonzwa juu huko, kwenye utumbo mwembamba. Mafuta ya mwilini haiyagusi.

Kuna wanaosema ile nyingine ya boksi la kijani ni bora. Nimeinunua pia, 22,000, na nyuma ni sanamaki hiyo hiyo.

Kinachoniuma ni dada yangu. Alikunywa miezi mitatu, kila usiku, na huku anatumia dawa ya presha, ile ya kukojosha. Akaanza kubanwa misuli ya miguu, ngazi zikamshinda, moyo ukawa unaruka. Hospitali wakapima damu, potasiamu, yale madini yanayoendesha misuli na moyo, ilikuwa 2.6. Kawaida huanzia 3.5. Ukiharisha, potasiamu inatoka na choo. Mwili ukikaukiwa, figo zinashikilia chumvi na maji, na potasiamu nyingine inamwagwa kwenye mkojo. Dawa yake nayo ilikuwa inaitoa. Ikishuka hivyo mapigo ya moyo yanavurugika, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo ukisikia moyo unaruka au miguu inalegea, usingoje chai iishe, nenda ukapimwe.

Alipoacha, siku tatu hakupata choo na miguu ikavimba. Akataka kurudia! Nikamzuia. Utumbo ulikuwa umekombwa wote, unahitaji siku kadhaa ujae tena. Uvimbe nao ni zile figo, bado zinashikilia maji. Hapo ndipo wengi wananasa: wanadhani bila chai choo hakitoki.

Kwa aliyefunga choo kweli, sanamaki inasaidia, ila isizidi wiki moja. Kwa kupungua, hela yangu imepotea.

Kama una boksi lako ndani, geuza nyuma sasa hivi, niandikie hapo chini umekuta jina gani.