Galaxy A32 iliyoanguka: nilivyotenganisha ubovu wa kioo na ubovu wa programu kabla ya kulipa fundi

Simu ni ya dada yangu, Samsung Galaxy A32, ile ya 4G. Iliteleza mezani ikapiga marumaru kwa kona ya chini. Kioo cha juu hakikupata hata ufa, protekta nayo ilikuwa nzima. Lakini tangu hapo simu ikawa na vituko viwili: mstari mwembamba wa kijani uliosimama wima kuanzia juu hadi chini, karibu na ukingo wa kulia, na skrini nzima kufifia na kurudi, kufifia na kurudi, hasa jioni akiwa ndani.

Fundi wa kwanza yuko jirani na kwake. Aliitazama simu ikiwa inafifia, akasema programu imevurugika kwa mshtuko, inatakiwa kuflashiwa kwa shilingi 25,000, na mstari utaondoka wenyewe. Dada anapokea oda za keki kwa simu hiyo, picha za wateja na mazungumzo yote yamo humo, na kuflashi maana yake ni kufuta. Akaniletea mimi kwanza.

Nilianza na skrinshoti. Simu inapopiga skrinshoti haipigi picha ya kioo. Inahifadhi picha ambayo mfumo umeitengeneza kabla haijafika kwenye kioo. Kwa hiyo kama mstari umo ndani ya skrinshoti, tatizo liko nyuma ya kioo, yaani kwenye programu au kwenye bodi. Kama haumo, kioo au mkanda unaokiunganisha na bodi ndio wa kushukiwa. Ila skrinshoti uitazame kwenye simu nyingine. Ukiifungua kwenye simu ile ile mbovu, mstari utauona juu ya picha na utadhani umo. Nilijitumia kwa WhatsApp nikaifungua kwangu: picha safi, hakuna kijani popote.

Nikapiga nyingine mfululizo jioni, wakati skrini inafifia. Hapo ndipo mambo yalipogawanyika. Mstari haukuonekana kwenye hata moja, lakini baadhi ya skrinshoti zilikuwa angavu na nyingine zimefifia zikiwa na rangi ya kahawia kahawia. Maana yake kufifia kulikuwa kunatengenezwa na kitu ndani ya mfumo, huku mstari ukiwa ni mambo ya kioo. Magonjwa mawili, na simu ilianguka mara moja tu.

Skrinshoti peke yake si hukumu. Kuna nyakati ambapo picha inayopelekwa kwenye kioo inaunganishwa kwa njia tofauti na ile inayohifadhiwa, kwa hiyo inawezekana ukaona kasoro kwenye kioo na skrinshoti ikatoka safi ingawa kosa ni la programu. Ndiyo maana niliizima simu na kuiwasha huku nikikodolea macho nembo ya Samsung. Nembo ile inaonyeshwa kabla Android haijaanza kupanda. Hakuna programu ya dada wala mipangilio yake iliyokwisha kuamka wakati huo. Mstari ulikuwepo tangu nembo inatokea, mahali pale pale, wa kijani vile vile. Hapo hoja ya kuflashi ili kuondoa mstari ikafia.

Kilichobaki ni kule kufifia. Nikaiwasha kwa Safe mode: unabonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti hadi zije alama za kuzima, unashikilia kwa kidole alama ya Power off mpaka itokee Safe mode, kisha unaigusa. Simu ikiwaka hivyo inaachana na programu zote ulizopakua mwenyewe. Jioni nzima haikufifia, mstari ukabaki. Tukatafuta mchawi kati ya programu alizopakua, akapatikana: programu ya kupunguza mwanga wa usiku aliyoiweka muda mrefu kabla ya simu kuanguka. Hutandaza pazia la rangi juu ya skrini na kulipandisha au kulishusha kufuatana na mwanga wa chumba. Taa ya sebuleni kwake ni hafifu, basi programu ilikuwa haiamui kama ni usiku au mchana. Bila shaka ilikuwa ikifanya hivyo zamani, ila nani huchunguza skrini ya simu ambayo haijaanguka? Tuliifuta, na siku hizi anatumia Eye comfort shield iliyo ndani ya Samsung yenyewe.

Kwa hiyo fundi wa kwanza hakuwa amesema uongo mtupu. Angeiflashi, programu ile ingefutika, kufifia kungekoma, na dada angelipa akiamini nusu ya kazi imefanyika. Halafu angebaki na mstari wake na bila oda zake.

Kabla ya kwenda Kariakoo niligusa jambo moja zaidi. Kwenye Samsung nyingi ukiandika *#0*# sehemu ya kupigia simu, inafunguka menyu ya majaribio yenye Red, Green, Blue na mengine. Kwenye nyekundu mstari ulionekana kama kovu, kwenye kijani ukapotea kabisa. Nikafungua picha nyeusi tupu gizani: pande zote kiza, mstari unawaka peke yake. Kioo cha A32 ya 4G ni AMOLED, ambapo kila nukta hujiwakia na nyeusi ni nukta iliyozimwa. Mstari unaowaka juu ya weusi ni safu ya nukta isiyosikia tena amri. Kila safu ya wima ina njia yake nyembamba sana kutoka kwenye chipu iliyoko upande wa chini wa kioo, na simu ilipiga chini kwa kona hiyo hiyo. Njia moja ikipata jeraha, safu nzima inashika rangi moja.

Bado kulikuwa na tumaini dogo kwamba ni mkanda tu umelegea. Dalili ya mkanda uliolegea huwa ni ya kuja na kuondoka: ukiibana simu kidogo au ukiipindua, mistari inahama, inaongezeka, skrini inakuwa nyeupe au nyeusi kisha inarudi. Huu wa kwetu haukutikisika. Usiibane kwa nguvu kujaribu, maana kioo kilichojeruhiwa kinaweza kumalizikia mkononi mwako. Na hamisha picha zako wakati bado unaona unachogusa. AMOLED iliyopigwa inaweza kuanza na mstari mmoja na baadaye ikaongeza mingine, au likatokea doa jeusi linalotanda kama wino.

Kariakoo nilimpata fundi kwenye kijichumba cha ghorofa ya kwanza, sehemu ambazo mafundi wamepangana ubavu kwa ubavu. Nilimweleza nilichokwisha jaribu. Hakubisha wala hakunisifia, aliizima, akaiwasha, akatazama nembo, akasema, "Hiki kioo, kaka. Lakini nifungue kwanza nione mkanda, usije ukanunua kioo bure." Hapo alinipata. Alipasha mgongo moto, akauchomoa, akafungua skrubu, akatoa soketi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine, kisha akachomoa soketi ya kioo, akaipuliza na kuisafisha kwa brashi na spiriti, akairudisha mpaka ikalia "tik". Mstari ule ule. Kwa kufungua na kuangalia angenitoza 5,000 kama ningeondoka. Nilipokubali kubadilisha, hakuitoza.

Kijana wake alitumwa dukani akarudi na kioo. Fundi alikishika, akakigeuza, akamrudisha. Kilikuwa cha A32 5G. Majina yanafanana lakini ni simu mbili: ya kwetu ni SM-A325F, ile nyingine ni SM-A326B, kioo chake ni LCD na alama ya kidole iko ubavuni. Namba hiyo iko kwenye Settings, About phone. Itaje hiyo, "A32" haitoshi.

Bei alizonipa zilikuwa mbili. Kopi kwa 75,000, orijino pamoja na fremu yake kwa 190,000. Nilitaka ya bei ndogo, naye akanieleza bila kuulizwa kwamba kopi ya bei hiyo ni LCD, na alama ya kidole haitafanya kazi. Ni kweli. Kwenye A32 ya 4G kisoma kidole kiko chini ya kioo na kinatazama kidole kwa mwanga unaopita katikati ya nukta. LCD ina taa yake ya nyuma na karatasi zake zinazoziba njia hiyo. Ukiweka kopi hiyo, simu inafanya kazi vizuri tu, ila kidole usahau, na weusi wake ni wa kijivu. Dada hufungua programu ya benki kwa kidole. Tukalipa 190,000.

Kilichonifanya nimpe fundi huyu nyota nne ni kwamba hakupaka gundi hadi tumejaribu. Alichomeka kioo kipya kikiwa kimelala mezani, akafungua ile menyu ya *#0*#, rangi zote zikapita, tukachora vidole skrini nzima hadi kwenye kona, tukasajili kidole upya na kujaribu mara kadhaa. Baada ya hapo ndipo akahamishia vitu vyote kwenye fremu mpya. Alisema wazi kwamba kioo kikishabandikwa na kutoka dukani kwake, mstari ukitokea ndani ya wiki mbili atabadilisha, ila kikiwa na ufa au alama ya kubanwa, hapana.

Nyota ya tano aliipoteza kwenye sauti. Siku iliyofuata dada alilalamika kwamba anayempigia anasikika kwa mbali. Wavu mdogo wa spika ya sikioni ulikuwa umebandikwa vibaya wakati wa kuhamisha. Tulirudi, akaurekebisha bila malipo, lakini ni safari ya daladala na foleni ambayo simu moja ya majaribio mbele yake ingetuepusha nayo. Kioo chenyewe hakina neno: mwanga ni sawa na wa zamani, kidole kinafungua, na kwenye picha nyeusi hakuna kinachowaka.