Uwiano wenye masafa, au faida halisi kwa kila ukomo wa malipo?

Swali ni namna ya kuripoti kama huduma ya afya inastahili gharama yake, pale makadirio yanapokuwa na mashaka. Tuchukue mfano wa kubuni: huduma mpya inaongeza gharama ya dola 18 kwa kila mgonjwa na kuokoa mwaka 0.06 wa maisha yenye afya, kwa hiyo uwiano wa nyongeza, yaani gharama ya ziada ikigawanywa kwa manufaa ya ziada, ni dola 300 kwa mwaka mmoja unaookolewa.

Njia ya kwanza ni kuandika uwiano huo pamoja na masafa yake ya asilimia 95, yaani mipaka ya chini na ya juu ya makadirio. Wasomaji wengi wameizoea, na inafaa pale ambapo karibu marudio yote ya sampuli, yaani hesabu zinazorudiwa kwa sampuli zinazochotwa upya kutoka data ile ile, yanaonyesha manufaa ya wazi. Lakini baadhi ya marudio yakionyesha madhara, masafa hupoteza maana, kwa sababu uwiano hasi unaweza kutokana na huduma bora na nafuu, au na huduma duni na ghali, na ukizipanga namba hizo kwa mstari mmoja unachanganya habari njema na mbaya.

Njia ya pili hubadilisha manufaa kuwa fedha: kwa ukomo wa dola 500, yaani kiasi cha juu ambacho mlipaji yuko tayari kulipa kwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya, faida halisi ni 0.06 × 500 − 18, yaani dola 12, na masafa yake husomeka bila utata. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji ukomo, ambao mara nyingi ni suala la kubishaniwa. Ndiyo maana ningeandika, “iwapo mlipaji yuko tayari kulipa dola 500, uwezekano wa huduma kustahili gharama ni huu”, wala si “huduma inastahili gharama”, huku uwiano wa dola 300 ukibaki kwenye jedwali.