Huduma wamekata, pesa wamebaki nazo

Mimi si mtu wa kuandika maoni kuhusu programu, lakini hawa wamenichokoza. Niseme mapema kwamba programu yenyewe, ya kuhariri video, ni nzuri. Ubaya wao unaanza siku unapotaka kuondoka.

Mwanzoni mwa mwezi walinikata ada kama kawaida. Siku chache baadaye kazi zangu zikapungua, nikaona nisitishe usajili ili mwezi unaofuata wasinikate tena. Nikapitishwa kwenye kurasa za kubembelezwa, kila moja ikiuliza kama nina uhakika, nikathibitisha. Papo hapo miradi yangu yote ikafungwa! Kulikuwa na video ya mteja iliyobakiza kutolewa tu, na kila nikiigusa naambiwa nilipie upya. Yaani nilipie mara ya pili mwezi ambao nimeshaulipia.

Mhudumu akanijibu: "Ndugu mteja, usajili umesitishwa kama ulivyoomba. Malipo ya kipindi kilichoanza hayarejeshwi." Nikamwambia sawa, pesa kaeni nazo, nirudishieni siku zangu. Akabandika sentensi ileile, safari hii hata bila hiyo "ndugu mteja", akafunga mazungumzo.

Sasa, sitaki kuwaonea. Kukataa kurudisha pesa katikati ya kipindi kuna sababu, na nyingine ni za haki. Kwenye kazi kama hii mtu anaweza kulipia mwezi, akamaliza video zake zote kwa siku tatu, halafu akadai pesa za siku zilizobaki. Pia makato ya kuchakata kadi mara nyingi hayarudi kwa muuzaji hata akikurudishia pesa zote, kwa hiyo kila marejesho yanamtia hasara kidogo. Kwa wanaolipia mwaka, hesabu ni ngumu zaidi. Tuseme mwezi ni 10 na mwaka ni 100. Ukiondoka baada ya miezi 6 ukarudishiwa nusu, utakuwa umelipa 50 kwa miezi ambayo mwenzako wa kulipa kila mwezi ameilipia 60. Umekula punguzo la mwaka bila kukaa mwaka. Marejesho ya haki hapo yangekuwa 40, lakini kampuni nyingi hazitaki kuingia kwenye hesabu hiyo, zinaona bora zikatae moja kwa moja.

Haya yote nayakubali. Ila yanasimama kwa sharti moja: kwamba huduma nitaendelea kuipata hadi kipindi kiishe. Ukininyima pesa, nipe siku zangu. Ukininyima siku, nipe pesa zangu. Hawa wamechukua vyote viwili, kisha wakaniita ndugu.

Na wasituambie mfumo hauruhusu. Mifumo ya malipo ina njia zote mbili. Kwenye Stripe, kwa mfano, muuzaji akiweka `cancel_at_period_end` kuwa `true`, usajili unabaki hai hadi mwisho wa kipindi, kisha haulipishwi tena. Akichagua kufuta mara moja, usajili unakufa hapohapo na pesa hazirudi zenyewe. Lazima aamue kuzirudisha. Kwa hiyo kuna mtu aliketi akachagua.

Kabla hujathibitisha, tafuta tarehe kwenye ukurasa. Wanaokuacha umalizie kipindi chako huandika huduma itaendelea hadi lini, na barua pepe ya uthibitisho huirudia. Usipoona tarehe, toa kwanza faili zako zote, kisha sitisha siku moja au mbili kabla ya kukatwa tena. Usingoje usiku wa mwisho, maana kipindi chaweza kuisha saa ileile uliyolipa, si saa sita ya usiku. Na kitufe cha kufuta akaunti ni jambo jingine kabisa. Hicho usikiguse kama bado una kitu ndani.

Nilifikiria kwenda benki kupinga malipo. Nimeacha. Kampuni nyingi zikipingiwa hufunga akaunti nzima, na wakati huo video ya mteja ilikuwa bado mikononi mwao.

Nilikuwa nimewapa nyota moja na nilitamani kuwe na sifuri. Juzi akaniandikia dada mwingine wa hukohuko, kwa adabu, akisema siku zangu zilizobaki zimegeuzwa salio kwenye akaunti. Nikafurahi, nikasoma mstari wa chini: salio halitolewi kama pesa, linatumika tu nikijisajili tena. Ndipo hasira ikarudi. Lakini alinifungulia ule mradi kwa siku moja nikaitoa video yangu, jambo ambalo yule wa kwanza angeweza kulifanya siku ileile. Basi ziwe nyota mbili, na ya pili ni ya huyo dada.