Kibodi ya laptopu ikigoma: pima vitufe kwanza, ndipo ujue ununue ipi

Herufi moja ikigoma kutoka, wengi hukimbilia dukani kuuliza bei ya kibodi. Nakusihi utoe kwanza dakika tano. Fungua kivinjari, andika `keyboard tester`, utapata ukurasa wenye picha ya kibodi nzima. Bonyeza kitufe, na kitufe hicho kwenye picha kitabadilika rangi. Kiachie, rangi itabadilika tena. Soma yote mawili, kubonyezwa na kuachiwa, maana kila moja ina habari yake.

Bonyeza kimoja kimoja. Ukibonyeza vitatu kwa pamoja, kibodi nyingi za kawaida zinaweza kukosa kimoja hata zikiwa mpya. Usimhukumu `Fn` pia, kwa kuwa kwa kawaida hakifiki kwenye kivinjari, na `Print Screen` mara nyingi huonekana pale unapokiachia tu. Na kama vitufe vyote haviitiki mpaka uvishikilie kidogo, huenda ni `Filter Keys` ya Windows, ambayo huweza kujiwasha ukishikilia `Shift` ya kulia kwa sekunde 8. Hiyo unaizima kwenye mipangilio bila kununua kitu.

Sasa tusome majibu. Kitufe kimoja tu kikiwa kimekufa huku majirani wake wote wanawaka, mara nyingi ni uchafu au kifuniko kilichokaa vibaya. Safisha kwanza. Kitufe kinachojiandika mara mbili kwa mguso mmoja kimeanza kuchoka, ila bado unaweza kukaa nacho.

Vikifa kwa kundi, hapo pana jambo. Laptopu ya dada yangu ilimwagikiwa chai, na kwenye kipimo `3`, `E`, `D` na `C` havikuwaka kabisa, vingine vyote vikawaka. Chini ya vitufe kuna karatasi ya plastiki yenye njia nyembamba za umeme, na vitufe kadhaa hutumia njia moja. Njia hiyo ikikatika au ikiliwa na kutu, wote waliomo hufa pamoja. Kwenye kibodi nyingine kundi hilo huwa limetawanyika, kimoja huku na kimoja kule, na mtu hudhani ni hitilafu nne tofauti. Tukaazima kibodi ya USB, tukarudia kipimo: vyote vinne vikawaka. Tukajua kompyuta yenyewe na Windows ni vizima. Vingekufa hata kwenye kibodi ya kuazima, kununua kibodi kungekuwa kutupa pesa. Fundi alianza kwa kuchomoa na kurudisha utepe unaounganisha kibodi na ubao mkuu, kwa sababu ukilegea nao huua kundi. Haikusaidia, tukanunua.

Kwa hali kama hiyo, namba moja naipa kibodi ya ndani ya aina ileile. Laptopu inabaki laptopu, unabeba kitu kimoja. Usinunue kwa jina la laptopu peke yake. Fundi aifungue, asome namba iliyo kwenye lebo nyuma ya kibodi ya zamani. Linganisha umbo la `Enter`, kama ina taa, na kama kitufe cha kuwashia kimo humohumo. Uliza pia imefungwa kwa skrubu au imegandishwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa. Ikiwa imegandishwa, kazi ni kubwa, na mara nyingine ni nafuu kununua sehemu yote ya juu.

Namba mbili ni kibodi ya nje yenye waya wa USB. Kama laptopu haitoki mezani, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza, kwa sababu unaipima palepale dukani kitufe kwa kitufe kabla ya kulipa. Isiyo na waya naiweka mwisho: betri ikipungua herufi zinaruka, na unarudi kujiuliza kama ni kitufe au ni mawasiliano.

Hali moja inapindua mpangilio huu wote. Ukifungua kipimo, mikono yako ikiwa mbali, na kitufe kimewaka na hakizimiki, kimebanwa au njia zimegusana. Kibodi ya nje haitakuokoa, maana ile ya ndani inaendelea kutuma herufi hiyo kila wakati. Lazima ichomolewe utepe au ibadilishwe.

Siku ya kubadilisha, mwambie fundi azime mashine na kuchomoa betri kabla ya kugusa utepe. Akishaunganisha mpya, awashe na mrudie kipimo chote pamoja, hata `Shift` zote mbili, kabla hajarudisha skrubu hata moja.